Uzi: Lisansi ya Kongo inasomwa kama leseni ya udereva. Nisaidieni kuandika wasifu wa kuombea kazi hapa Kigoma

Mkalemie · Jumatatu, saa 2 usiku

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za jioni.

Mimi ni Mkongo, mzaliwa wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nimeoa Ujiji, naishi Katubuka huu mwaka wa tatu, na kibali changu cha ukaazi kiko sawa. Kwetu nilitunza hesabu za kampuni ya maboti ya mizigo kwa miaka minane. Hapa nimeomba kazi sehemu nne, zote za hesabu na mizigo, na sijapata hata moja.

Sababu nimeielewa wiki iliyopita. Niliitwa ofisi moja hapa mjini, jina nitaliacha. Dada aliyenipokea aliisoma karatasi yangu hadi mahali palipoandikwa "Licence", akaniuliza, "Leseni yako ni daraja gani?" Nikadhani anauliza daraja la ufaulu wangu wa chuo, nikamjibu, "Satisfaction." Akaandika kitu pembeni. Tukaenda hivyo dakika kama kumi, kila mmoja akidhani ameelewana na mwenzake, mpaka aliponiambia kwa upole kwamba nafasi ya dereva imeshajazwa.

Nilitoka pale nikatembea kwa miguu kutoka mjini hadi Katubuka. Miaka mitano ya chuo, na mtu mwenye nia njema kabisa ameisoma kama kadi ya kuendeshea gari.

Wasifu ninaotuma ni huu, naubandika kama ulivyo:

"Mimi ni licencié katika usimamizi wa fedha, gradué, mwenye Diplôme d'État (58%). Nimekuwa agent comptable, kisha chef comptable, katika kundi la cadres wa kampuni ya usafirishaji Kalemie. Ninaumudu mfumo wa SYSCOHADA na programu ya Sage. Ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira yoyote."

Naomba msaada wa kuuandika ili bosi wa Kigoma aelewe alichonacho mezani, bila mimi kusema uongo.

---

Dagaa wa Kibirizi · saa 2:25 usiku

Pole sana kaka. Hapo dawa ni ndogo. Gradua miaka mitatu ndiyo shahada ya kwanza, lisansi miaka miwili juu yake ndiyo uzamili. Jumla mitano, sawasawa na mtu wa hapa aliyesoma digrii mpaka masta. Andika "Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Fedha", weka nukta. Hayo majina ya Kifaransa yafute yote, ndiyo yanayokuponza.

---

Shija wa Tabora · saa 2:41 usiku

Ndugu yangu, kazi za mizigo Kalemie na Lubumbashi zipo nyingi, ila bila Kifaransa utapata shida. Anza na Kifaransa kwanza, miezi sita hivi, halafu ndiyo uandike wasifu.

---

Mama Wawili, Kasulu · saa 2:50 usiku

Kaka Shija, yeye ndiye Mkongo, Kifaransa anacho. Anatafuta kazi huku kwetu.

Mkalemie, yaliyokukuta nayajua. Mimi ni Mtanzania wa Kasulu ila uuguzi nilisomea Burundi, na karatasi yangu imeandikwa A1. Kule wauguzi wanapangwa kwa A2, A1 na A0, na kadiri namba inavyopungua ndivyo elimu inavyopanda. A2 ni wa ngazi ya sekondari, A1 amesoma miaka mitatu baada ya sekondari. Niliporudi, mtu wa kwanza kuisoma alidhani ni mambo ya kidato cha tano na sita. Mwingine akaona A2 ya mwenzangu akasema, "Huyu amekuzidi, wewe una moja yeye ana mbili." Tuliachiwa mlangoni wote wawili.

---

Afisa Mstaafu · saa 4 usiku

Mwanangu Mkalemie, marahaba.

Nimefanya kazi za utumishi mkoa huu zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda mrefu nilikuwa kwenye mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi. Faili za Wakongo na Warundi nimezisoma kwa mamia. Mwanzoni nilikosea kama alivyokosea huyo dada, na najua kuna watu waliokosa kazi kwa sababu nilisoma vibaya. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Karatasi yako ina maneno matatu ambayo kila moja lina pacha wake huku, na pacha huyo ana maana nyingine. La kwanza umelikuta mwenyewe, lisansi. La pili ni gradua. Msomaji wa huku akiliona anadhani umesema "mimi ni mhitimu", maana hata sisi mhitimu tunamwita gradweti, kwa hiyo haoni kwamba hiyo ni ngazi kamili yenye cheti chake na miaka yake mitatu. La tatu ndilo linaloumiza zaidi, nalo ni Diplôme d'État, hiyo mnayoiita diploma ya Leta. Huku diploma ni stashahada ya chuo. Kwenu ni cheti cha mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Sasa mtu anasoma: leseni, mhitimu, diploma, asilimia 58. Anahitimisha kwamba wewe ni dereva mwenye diploma ya wastani na hukufika kidato cha sita. Kila neno uliloandika ni kweli, na picha yote aliyopata si wewe.

Dagaa, mwanangu, umegusa jambo moja la kweli: miaka mitano lazima ionekane. Lakini dawa yako itamletea shida kubwa kuliko ugonjwa. Kulinganisha shahada ya nje na ya hapa ni kazi ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mwombaji hajilinganishi mwenyewe. Akiandika Uzamili leo, kesho mwajiri akaomba barua ya TCU ikaja inasema vinginevyo, anaonekana mdanganyifu, na hapo hata ile miaka minane ya kazi haitaaminika tena. Jina la asili alifiche kwa sababu gani? Ndilo lililo kwenye cheti. Mwajiri akishika cheti mkononi lazima aone neno lilelile aliloliona kwenye wasifu.

Kwa hiyo andika jina kama lilivyo, halafu mara moja useme ni miaka mingapi, baada ya nini. Hakuna nchi ambayo mwaka wa masomo haueleweki. Na hapa kuna kitu ambacho vijana wengi wa Kongo hawakifikirii. Ulimaliza lini? Maana vyuo vyenu vimehamia mfumo mpya, ule wa lisansi, masta, daktari, na tangu mwaka wa masomo wa 2021/2022 ndio unaotumika nchi nzima. Katika mfumo mpya lisansi ni miaka mitatu. Neno ni lilelile, miaka ni tofauti. Mtu wa utumishi aliye makini akitafuta mtandaoni ataona "Licence ya Kongo, miaka mitatu", na miaka yako miwili itapotea hivihivi. Lazima useme ni mfumo wa zamani.

Niambie mwaka, asilimia zako za chuo, na una karatasi gani mkononi. Diploma yenyewe ya chuo unayo, au una ile ya muda?

---

Mkalemie · Jumanne, saa 1 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimeisoma mara tatu, mke wangu nikamsomea pia.

Diploma ya Leta nilipata 2005. Gradua nilimaliza 2009, lisansi 2012, kwa hiyo ni ule mfumo wa zamani kabisa. Mwaka wa mwisho nilipata 67%, na kwenye karatasi imeandikwa "Satisfaction".

Nilicho nacho ni cheti cha muda cha kufaulu, pamoja na karatasi tano za maksi, moja kwa kila mwaka. Diploma yenyewe sijawahi kuichukua. Kwetu watu wengi wanamaliza, wanapewa cheti cha muda, na diploma inatoka baada ya miaka. Wengi hatufuatilii kwa sababu waajiri wa kule wanakubali cha muda. Ninayo pia barua ya utumishi kutoka kampuni niliyofanyia kazi, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Kuhusu neno agent, mzee hukulisema. Kule mfanyakazi yeyote ni agent wa kampuni. Na cadre ni mtu wa ngazi ya uongozi wa kati.

---

Afisa Mstaafu · saa 3 asubuhi

Asante kwa kuniongezea. Hiyo agent huku ni wakala, mtu wa kamisheni, na cadre akisoma Mtanzania anaona kada wa chama. Yaondoe yote mawili. Sema ulianza kama karani wa hesabu, kisha mkuu wa hesabu, na ulisimamia watu wangapi.

Sasa 67. Usiigeuze kuwa GPA. Nimeona vijana wanachukua asilimia, wanazidisha kwa tano, wanagawa kwa mia, wanaandika 3.4. Ukifanya hivyo umejipachika kwenye ngazi ya hapa, daraja la pili la chini, kwa hesabu ambayo hakuna chuo kilichoidhinisha. Vyuo vya hapa havitoi GPA kwa njia hiyo. Kila somo linapata herufi yake, herufi inapewa pointi, pointi zinapimwa kwa uzito wa somo.

Wala usiliache neno lenyewe peke yake. "Satisfaction" kwa sikio la huku ni "ameridhisha", yaani amepita kwa shida. Kwenu daraja hilo linaanzia 50 na kuishia 69, na kuanzia 70 ndipo mtu anapata "Distinction". Wewe uko karibu na ukingo wa juu. Hilo linasemwa kwa sentensi moja: "wastani wa mwaka wa mwisho ni 67%, katika daraja la 50 hadi 69, daraja linalofuata huanza 70." Msomaji atapima mwenyewe. Ile 58 ya diploma ya Leta iondoe. Mtihani ule mstari wa kufaulu ni 50, na kwenu mtu wa 58 ni mwanafunzi wa kuheshimika, lakini kuieleza kutakula mistari mitatu, nawe umeshavuka hapo kwa miaka mingi. Andika tu kwamba ulimaliza sekondari 2005 kwa mtihani wa serikali.

Cheti cha muda ndicho kinachonitia wasiwasi. TCU watataka cheti cha mwisho na karatasi zote za maksi, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa, kwa kuwa zote ni za Kifaransa. Karatasi zako tano usiache hata moja. Vyuo vya huku vinatoa transkripti moja ya miaka yote, kwa hiyo mtu akiona karatasi moja ya Kongo anadhani ndiyo yote, na masomo ya miaka minne yanapotea. Diploma ianze kufuatiliwa leo. Kwenye wasifu usiandike "inatambuliwa na TCU" kabla hujapata barua mkononi.

---

Dagaa wa Kibirizi · saa 3:30 asubuhi

Mzee nimekuelewa kuhusu TCU. Ila shemeji yangu alisoma hukohuko Kongo mfumo wa zamani, na ofisi yake hapa inamlipa kama mtu wa masta. Kwa hiyo wapo wanaoikubali.

---

Afisa Mstaafu · saa 3:45 asubuhi

Mwajiri binafsi anaweza kumpangia mtu mshahara anaoona unafaa, hilo sikatai. Lakini hayo ni makubaliano yao wawili, hayamsaidii Mkalemie kwa mwajiri mwingine. Kama shemeji ana barua ya TCU, mwombe aangalie imeandika nini hasa, utuletee.

---

Mizigo Bandarini · Jumanne, saa 7 mchana

Nimeufuata uzi huu nikiwa ofisini. Nina kampuni ndogo ya uwakala wa forodha na kusafirisha mizigo hapa Kigoma, watu tisa. Naomba niwaambie mwajiri anasoma nini, maana mmeongea sana juu ya vyeti.

Mimi cheti nakiangalia mwisho. Nikisoma wasifu wa Mkalemie natafuta kitu kimoja: huyu mtu ataniondolea tatizo gani Jumatatu asubuhi? Kwenye wasifu wake wa kwanza sijaona. Nimeona SYSCOHADA. Nimelazimika kuuliza, nikaambiwa ni mfumo wa hesabu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao Kongo waliingia 2012. Sawa, lakini mimi vitabu vyangu viko kwenye programu ya Tally na mkaguzi wangu anataka viwango vya kimataifa vya IFRS. Nilipoishia kusoma, neno hilo lilinifanya nimwone mgeni zaidi kuliko alivyo.

Wakati huohuo alichonacho kweli hakukiandika. Tatizo langu ni hili. Mwaka jana nilikuwa na mzigo wa saruji wa mteja wa Kalemie. Upande wetu kila kitu kilikamilika, tozo zimelipwa, boti liko tayari. Mteja akatutumia karatasi tatu za Kifaransa kwenye simu. Kijana wangu akazichapa, akaziweka kwenye faili akiamini zote ni ankara. Moja ilikuwa ankara. Nyingine ilikuwa barua ya kutueleza kwamba ukaguzi wa OCC, shirika la Kongo la kukagua bidhaa, haujakamilika, tusipakie kwanza. Tukapakia. Mzigo ulikaa ng'ambo siku kumi na moja, na gharama za kukaa tuligawana na mteja nusu kwa nusu. Karibu faida yote iliishia pale. Mtu wa kuisoma barua ile kwa dakika mbili angeniokoa.

Sasa huyu bwana amekaa miaka minane upande wa pili wa karatasi hizohizo, na wasifu wake unasema "mchapakazi, mwaminifu". Kila mtu anaandika hivyo.

Kaka, niambie: mlikuwa na maboti mangapi? Mlibeba nini, kutoka wapi kwenda wapi? Wateja walilipa kwa fedha gani? Hesabu za mwezi ulizifunga tarehe ngapi?

---

Mkalemie · Jumanne, saa 12 jioni

Bosi, asante sana kwa maswali haya. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivi.

Maboti matatu. Tulichukua saruji, unga, sabuni na mafuta ya kula Kigoma, tukapeleka Kalemie na Moba. Kurudi mara nyingi yalikuwa nusu tupu. Wateja wakubwa walilipa kwa dola, wadogo kwa faranga za Kongo, kwa hiyo nilikuwa na sanduku mbili za fedha, kila moja na daftari lake, na jioni kila moja ilihesabiwa peke yake. Mwezi nilifunga kabla ya tarehe 10. Wadaiwa walikuwa kama 60. Nilianza 2013 kama karani, 2015 nikawa mkuu wa hesabu, chini yangu watu wanne, hadi 2021. Marejesho ya TVA ya kila mwezi niliyatayarisha mimi. Hiyo TVA ni VAT ya kwetu, kule ni 16%. Na nyaraka za forodha ya kwetu, DGDA, pamoja na vyeti vya OCC, zilipita mezani kwangu kwa sababu malipo hayakutoka bila mimi kuzisoma.

Hesabu za mwaka kwa IFRS sijawahi kuzifunga. Tally nimejifunza miezi mitatu kwa jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Mwanga, namwingizia ankara zake jioni.

---

Afisa Mstaafu · saa 1 usiku

Haya yote uliyoyaandika ndiyo wasifu wenyewe. Hiyo ya IFRS na Tally iandike vilevile, usiifiche. Mwajiri akikuta umetaja mwenyewe mahali unapopungukiwa, yale mengine anayaamini.

Jambo moja: usijiite CPA wala kitu kinachofanana nayo. CPA ni ya wahasibu waliosajiliwa na bodi yao ya hapa, NBAA.

Na jina. Kwenu mna jina la ukoo, la pili, na la ubatizo, na karatasi zinaanza na la ukoo. Fomu za huku zinaanza na la kwanza. Angalia kama kibali chako na cheti chako vinasoma sawa.

---

Mkalemie · saa 1:20 usiku

Mzee, umepiga palepale. Cheti cha ndoa cha hapa kinaanza na la ubatizo na kimeacha la pili kabisa. Kwenye karatasi za chuo yapo yote matatu, la ubatizo mwishoni. Mtu asiyejua atasema ni watu wawili.

---

Afisa Mstaafu · saa 1:30 usiku

Kaape kwa wakili, upate hati ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, uiambatanishe. Juu ya wasifu tumia jina kama lilivyo kwenye vyeti vya chuo.

---

Mama Wawili, Kasulu · saa 2 usiku

Na kibali cha kazi je? Mimi ni Mtanzania, kwangu halikuwepo. Lakini bosi akiona Mkongo si atahofia usumbufu hata kabla hajasoma?

---

Mizigo Bandarini · saa 2:30 usiku

Dada umeuliza la maana. Kuoa Ujiji hakumpi ruhusa ya kuajiriwa. Chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, kibali kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, na mimi mwajiri ndiye natakiwa nieleze kwa nini nafasi hii sikumpata Mtanzania, na nitamrithishaje Mtanzania ujuzi huo. Ninapoandika maelezo hayo nayatoa wapi? Kwenye wasifu wake. Akiniandikia "usimamizi wa fedha", sina la kumwambia Kamishna, wahitimu wa usimamizi wa fedha tunao wengi tu. Akiniandikia kwamba anasoma nyaraka za DGDA na OCC kwa Kifaransa na ameshafundisha makarani kuzisoma, hapo nina hoja ya kupeleka.

Kwa hiyo aseme wazi hali yake ya ukaazi kwa mstari mmoja, asiniache nikisie.

---

Mkalemie · Alhamisi, saa 3 usiku

Nimeandika upya siku mbili. Huu hapa, naomba msinionee huruma:

"Ninatunza hesabu za mizigo ya ziwani. Kuanzia 2013 hadi 2021 nilifanya kazi Kalemie, Kongo, katika kampuni yenye maboti matatu yaliyobeba saruji, unga, sabuni na mafuta ya kula kutoka Kigoma kwenda Kalemie na Moba. Nilianza kama karani wa hesabu. Kuanzia 2015 nilikuwa mkuu wa hesabu, nikisimamia watu wanne. Nilifunga hesabu za kila mwezi kabla ya tarehe 10, nilitunza fedha taslimu za dola na za faranga za Kongo kwa madaftari tofauti, nilifuatilia wadaiwa wapatao 60, na nilitayarisha marejesho ya kila mwezi ya TVA, ambayo ni VAT ya Kongo.

Nyaraka za Kifaransa za forodha ya Kongo, DGDA, na vyeti vya ukaguzi vya OCC nilizisoma kila siku kabla ya kuidhinisha malipo. Makarani wawili niliwafundisha kazi hiyo hadi wakaifanya wenyewe.

Elimu: 'Licence' ya usimamizi wa fedha, 2012, kutoka chuo kikuu cha serikali nchini Kongo. Ni mfumo wa zamani: miaka mitatu ya 'Graduat' na miwili ya 'Licence', jumla miaka mitano ya chuo baada ya kumaliza sekondari. Wastani wa mwaka wa mwisho ni 67%, katika daraja la 50 hadi 69. Daraja linalofuata huanza 70. Ninaandaa maombi ya utambuzi TCU.

Vitabu nilivyotunza vilifuata mfumo wa OHADA. Hesabu za mwaka kwa IFRS sijawahi kufunga. Tally ninaitumia tangu mwaka huu kwa kazi ndogo za duka.

Ninaishi Kigoma kwa kibali halali cha ukaazi. Ajira itahitaji kibali cha kazi kitakachoombwa na mwajiri. Barua ya utumishi ipo, na aliyekuwa meneja wangu anapatikana kwa simu, anazungumza Kiswahili."

---

Dagaa wa Kibirizi · saa 3:20 usiku

Sasa namwona mtu. Ila bado nasema ungeandika kwa Kiingereza. Ofisi nyingi za mjini hazipokei wasifu wa Kiswahili.

---

Mizigo Bandarini · saa 3:40 usiku

Mimi nimeusoma wote, na Kiswahili kimenifaa. Hapo kwenye meneja anayezungumza Kiswahili umefanya vizuri. Nimewahi kupewa namba ya Lubumbashi, nikapiga, nikajibiwa kwa Kifaransa, nikakata, na yule kijana sikumwita.

Ile "ninaandaa maombi TCU" ina ukweli kiasi gani leo?

---

Afisa Mstaafu · saa 4 usiku

Dagaa ana haki kwa ofisi kubwa na mashirika. Huko awe na nakala ya Kiingereza, lakini afanyiwe na mtu anayejua, asije akaandika tena "Licence" bila maelezo, maana kwa Kiingereza ndiyo inakuwa leseni zaidi.

Mkalemie, badala ya "makarani wawili niliwafundisha", weka na mwaka. Na hilo swali la bosi lijibu kwa ukweli.

---

Mkalemie · Ijumaa, saa 1 asubuhi

Bosi, ukweli ni huu. Karatasi tano za maksi nimeshazipeleka kutafsiriwa. Diploma bado iko chuoni. Mdogo wangu aliye Lubumbashi alienda jana, ameambiwa jina langu lipo kwenye daftari la waliotolewa diploma, arudi Jumatano na nakala ya kitambulisho changu. Nimebadilisha sentensi, sasa inasema: "Maombi ya TCU yatawasilishwa nikipokea diploma ya mwisho, ambayo ninaifuatilia chuoni, cheti cha muda na karatasi za maksi za miaka yote mitano zipo." Makarani niliwafundisha 2017.

---

Mizigo Bandarini · Ijumaa, saa 2 asubuhi

Hiyo sentensi ni bora kuliko ile ya kwanza.

Sikuahidi kitu, kibali kina safari yake. Lakini nina faili la mteja wa Moba lenye karatasi sita ambazo hakuna anayezielewa hapa. Nimekutumia namba yangu kwa ujumbe. Jumatatu saa 3 uje na barua ya utumishi, unieleze karatasi zile ni nini.

---

Mama Wawili, Kasulu · Ijumaa, saa 2:15 asubuhi

Kaka Mkalemie, Mungu akutangulie. Mzee, samahani, na mimi kwenye wangu niandike "A1, miaka mitatu ya chuo baada ya sekondari", au niweke na saa za mazoezi ya wodini? Karatasi yangu inazo kwa kila mwaka.

---

Afisa Mstaafu · Ijumaa, saa 3 asubuhi

Weka saa, mama. Weka na wodi, moja moja, uzazi uanze.